Kufuli la Msafiri na Mkasi wa Mkaguzi

Msafiri aondokaye Dar es Salaam au Nairobi hulipitisha sanduku lake katika mashine ya miale pale penye mlango wa jengo la abiria, mwenyewe akiwa amesimama kando yake, na mkaguzi akiona kitu asichokitambua humwambia, "Hebu fungua hapa, mzee," naye hutia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua, akaonyesha, kisha akafunga tena kwa mkono wake na kwenda kulikabidhi kwa watu wa shirika la ndege. Kwa kuizoea desturi hiyo, mtu huamini kwamba kufuli lake halina njia nyingine ila kupitia kwake, na siku afikapo Marekani akalikuta sanduku limefungwa zipu tu, na kufuli halipo, au lipo ndani juu ya nguo, upinde wake umekatwa pande mbili, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kwamba ameibiwa, na la pili ni kwamba amedharauliwa. Yamkini kuibiwa kukawapo, nami nitalirejea hilo baadaye. Walakini aghalabu lililotokea ni tendo lililoidhinishwa na sheria, na sababu yake ni nyepesi kuieleza: ukaguzi ulifanyika mahali ambapo mwenye sanduku hakuwapo wala asingaliweza kuwapo.

Hali hiyo ina tarehe yake. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, Baraza la Kutunga Sheria la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa usafiri wa anga, iliyotiwa saini na Rais tarehe 19 Novemba mwaka huo huo, ambayo kwayo iliundwa idara mpya ya serikali, ijulikanayo ulimwenguni kote kwa herufi tatu za TSA, ikaamriwa kwamba hata ufikapo mwisho wa mwaka 2002 kila sanduku lipakiwalo tumboni mwa ndege katika viwanja vya nchi ile liwe limechunguzwa kwa ajili ya baruti na mfano wake. Kabla ya hapo mzigo wa abiria ulikaguliwa kwa uchache na kwa kuchagua, ijapokuwa ulimwengu ulikwisha kuona zaidi ya mara moja ni nini kiwezacho kutoka katika sanduku lisilochunguzwa: mwaka 1985, ndege ya Shirika la Ndege la Uhindi ilipolipuka juu ya bahari karibu na Ayalandi ikaangamiza watu 329, na mwaka 1988, ndege ya Pan Am ilipopasuka juu ya mji wa Lokabi huko Uskochi, zikauawa roho 270, baruti ikiwa imefichwa ndani ya redio ya kaseti, na redio hiyo ndani ya sanduku la kawaida kabisa.

Basi mwaka 2003 ulipoingia, masanduku yote ya nchi nzima yalianza kupita chini ya macho ya serikali, na papo hapo ikadhihiri taabu ambayo sheria haikuitaja: masanduku mengi yalikuwa na makufuli, nayo hayakuweza kufunguliwa ila kwa kuvunjwa. Idara ikawanasihi wasafiri waache kuyafunga kabisa. Nasaha hiyo ilikuwa ya kweli kwa upande wa mkaguzi, lakini kwa upande wa msafiri ilikuwa kama kuambiwa alale mlango wazi kwa kuwa polisi huenda wakapita usiku, na malalamiko hayakukawia. Ndipo kampuni moja ya watu binafsi, Travel Sentry, ilipokuja na shauri lililoikubalisha Idara: watengenezaji wa makufuli wapewe namna chache za vitasa ambavyo funguo zake kuu zitakuwa mikononi mwa wakaguzi, na kila kufuli la jinsi hiyo lipigwe chapa ya almasi nyekundu ili mkaguzi alitambue kwa kulitazama tu. Makufuli hayo yaliingia madukani mwezi Novemba 2003. Kampuni ya pili, Safe Skies, ina mpango wake wa namna hiyo hiyo, na alama yake ni mwenge mwekundu. Ni vema msomaji akumbuke kwamba makufuli haya hayatengenezwi na serikali wala hayauzwi nayo, wala serikali haitoi dhamana juu yake. Iliridhia tu kupokea funguo.

Kufuli lenyewe ni kifaa chenye milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mwenye mali, nao aghalabu ni magurudumu matatu ya namba, ambayo hutoa michanganyiko 1,000 tu, yaani kazi ya nusu saa au zaidi kidogo kwa mtu mwenye subira na vidole vyepesi. Mlango wa pili ni tundu dogo la ufunguo upande wa chini au ubavuni, ambalo wanunuzi wengi hulitafutia ufunguo katika pakiti wasiuone, wakadhani muuzaji amewapunja. Ufunguo huo si wao. Kando ya tundu, ukilitazama karibu na mwanga, utaona herufi na namba zilizochorwa kwa udogo, mathalan TSA002 au TSA007, na hiyo ndiyo habari aitakayo mkaguzi, kwa kuwa inamwambia ni ufunguo upi kati ya alionao utakaoingia. Namba 007 huonekana sana katika makufuli yaliyojengwa ndani ya masanduku magumu, na 002 katika yale ya kuning'iniza.

Sasa tutazame ni kwa nini ufunguo huo huhitajiwa, na ni mahali gani. Tuseme bibi mmoja wa Mombasa anakwenda kumtazama binti yake huko Minnesota, ambako jamaa wengi wa Afrika Mashariki wamehamia. Amepanda ndege Nairobi hadi Nyuyoki, na kutoka pale atapanda nyingine ya ndani ya nchi kwenda Miniapolisi. Ana masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, yaliyofungwa kwa makufuli ya shaba aliyoyanunua mjini, mazito na mazuri, yasiyo na alama yoyote. Ndani yake mna kanga, madera, viungo vilivyosagwa, na kwa kuwa hakuna mama aendaye kwa mwanawe mikono mitupu, mna halua kilo nne katika makopo manne yaliyopangwa pamoja, na tende zilizoshindiliwa katika vifurushi.

Nairobi masanduku hayo yalikaguliwa naye akiwapo, na hapakuwa na neno. Nyuyoki huyapokea tena mwenyewe kutoka katika mkanda, kwa kuwa kanuni ya nchi ile ni kwamba mgeni aingiaye hulichukua sanduku lake katika kiwanja cha kwanza akipite kizuizi cha forodha, hata kama tiketi yake inaendelea mbele. Hapo afisa wa forodha ana haki ya kumwambia afungue, na akiambiwa atafungua kwa ufunguo wake, mambo yakawa kama ya nyumbani. Akishavuka, hatua chache tu mbele yake, huyakabidhi masanduku kwa watu wa ndege ya pili, nayo huingia katika mkanda mwingine na kupotea nyuma ya ukuta. Tangu nukta hiyo bibi yetu na masanduku yake wamefarikiana, na ukaguzi wa TSA ndio kwanza unaanza.

Nyuma ya ukuta sanduku huingia katika mashine kubwa iliyo jamaa na zile za hospitali zipigazo picha za mwili vipande kwa vipande. Mashine hiyo haijui halua wala haijui baruti; hupima jinsi kila kitu kilivyoshikamana na jinsi kinavyoizuia miale, kisha hulinganisha vipimo hivyo na vile vya vitu vilipukavyo. Nguo hupita bila shaka, kwa kuwa zina hewa nyingi. Walakini mgando wa sukari, wanga na samli, uliojaa kopo kwa unene ulio sawa, tena makopo manne yakiwa yamekaribiana, ni kitu cha asili ya mimea na wanyama kilicho kizito na kisicho na mianya, na kwa macho ya mashine ni cha jinsi moja na jibini, chokoleti, asali na siagi ya karanga, ambavyo wakaguzi wamezoea kuviona vikiamsha kengele. Tende zilizoshindiliwa ni ndugu zao. Kadhalika vitabu vilivyopangwa juu kwa juu.

Kengele ikilia, sanduku halifunguliwi mara moja. Kwanza picha yake hupelekwa kwa mkaguzi aliyeketi mbele ya kioo katika chumba kingine, naye ana muda mfupi wa kuigeuza huku na huku na kusema kama anakitambua kile kilichopigiwa alama au la. Akikitambua, sanduku hurudi njiani na msafiri hatajua kamwe. Asipokitambua, hulielekeza kwenye chumba cha meza, na hapo ndipo linapokutana na mtu aliyevaa mipira mikononi, mwenye picha ile mbele yake na amri ya kukitafuta kitu fulani mahali fulani ndani ya sanduku: hupangusa kwa kitambaa kidogo, akakitia kitambaa katika chombo kinusacho chembe za baruti, akafungua, akakishika kile kitu, akaridhika, akafunga. Mahakama za Marekani huuhesabu ukaguzi wa viwanja vya ndege kuwa ni wa kiidara, usiohitaji hati ya hakimu wala shaka juu ya mtu fulani, maadamu unakusudia usalama wa chombo. Kwa hiyo mkaguzi hana haja ya kumwomba mtu ruhusa, na hata angalitaka kuiomba, asingalijua amwombe nani, maana bibi yetu wakati huo amekwisha kupita katika ukaguzi wa abiria, yupo katika ukumbi usiojulikana, na huenda lugha ya kusikilizana ni haba.

Na ndege inangoja. Hilo ndilo sharti linaloyatawala yote yaliyobaki. Sanduku lililopigiwa kengele halipandi mpaka kengele hiyo itatuliwe, na kengele iliyofika mezani haitatuliwi mpaka sanduku lifunguliwe. Mkaguzi ana njia tatu tu: kulifungua kwa ufunguo ikiwa kufuli ni la namna aliyo nao ufunguo, kulikata kufuli, au kuliacha sanduku nyuma. Njia ya tatu humwumiza abiria kuliko kupoteza kufuli la shilingi chache, na makufuli ya shaba ya Mombasa hayana tundu la TSA. Basi huchukuliwa mkasi wa kukatia chuma wenye mikono mirefu, upinde wa kufuli hubanwa, na kwa kishindo kimoja kazi imekwisha.

Bibi akifika Miniapolisi atakuta juu ya nguo zake karatasi moja iliyochapishwa, imwambiayo kwamba sanduku lake lilikuwa miongoni mwa yaliyochaguliwa kwa ukaguzi wa mkono kwa mujibu wa sheria, na kwamba ikiwa lilikuwa limefungwa, mkaguzi huenda alilazimika kulivunja kufuli, jambo ambalo Idara inalisikitikia lakini haiwajibiki kulilipa. Binti yake, aliyeishi nchi ile miaka mingi, atacheka amwambie, "Mama, si nilikwambia ununue yale yenye alama nyekundu?" Na kopo moja la halua litakuwa limefunguliwa na kufunikwa tena, si kwa kuonjwa.

Hapo msomaji mwepesi atasema kwamba mambo yamekwisha: nunua lenye alama, usikatiwe. Laiti ingalikuwa hivyo. Makufuli yenye alama hukatwa pia, na sababu zake ni za kiufundi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni kwamba kitasa kidogo cha madini laini, kilichopigwa na mikanda, kikadondoka kutoka juu ya toroli na kukaa katika vumbi na mvua, huweza kupinda kiasi cha kukataa ufunguo ulio sahihi, na mkaguzi aliyejaribu mara mbili hatajaribu ya tatu. Ya pili ni makufuli ya kughushi, yenye almasi nyekundu nzuri kabisa na kitasa ambacho hakina uhusiano wowote na funguo zilizoko chumbani. Alama ni wino tu, na sokoni kwetu kila mtu anaweza kupaka wino. Ya tatu ni msafiri mwenyewe, ambaye baada ya kutia kufuli halali huongeza waya, mkanda wenye bizimu ya namba, na kulizungushia sanduku plastiki pale kiwanjani, mpaka ule ufunguo unafungua kimoja tu kati ya vinne. Na iko sababu ya nne ambayo Idara huikiri kwa maneno ya adabu inaposema haiwezi kuahidi kwamba kila kufuli litafunguliwa kwa ufunguo: meza ni nyingi, funguo hupotea au huvunjika, watu huchoka, na mkasi uko karibu.

Juu ya hayo, si kila kufuli lisiloonekana limekatwa. Kufuli la kuning'iniza huweza kunaswa katika ukingo wa mkanda likang'olewa pamoja na kishikizo cha zipu, au mkaguzi akalifungua sawasawa akasahau kulirudisha. Mtu anaweza kuyapambanua haya akitazama kwa makini. Upinde uliokatwa kwa mkasi una nyuso mbili zing'aazo, zilizobanwa kutoka pande zote mbili zikakutana katikati kama paa la nyumba; upinde uliovutwa mpaka ukakatika umerefuka na kupinda, na kishikizo cha zipu kando yake kimeraruka au kimetoka katika tundu lake. Palipokatwa na mkaguzi, aghalabu pana karatasi ndani. Palipokatwa pasipo karatasi, shaka inaruhusiwa, ingawa karatasi nazo husahauliwa.

Nimesema nitalirejea suala la wizi, nalo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa zile funguo kuu. Siri iliyogawiwa watu maelfu katika mamia ya viwanja ni vigumu kuiita siri, na mwezi Novemba 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha makala juu ya safari ya sanduku ndani ya kiwanja cha ndege, ikiambatana na picha ya funguo hizo zimepangwa wazi, meno yake yote yakionekana. Picha hiyo ilikaa miezi mingi pasi na kelele. Mwezi Agosti 2015 watu wa elimu ya makufuli wakaitambua thamani yake, na mwezi uliofuata mtu mmoja akaweka hadharani michoro ambayo mwenye mashine ya kuchapisha vitu vya plastiki aliweza kuitumia kuchapisha ufunguo nyumbani kwake, na watu wakaonyesha kwamba unafungua. Mwaka 2016 ikawa zamu ya ufunguo wa Safe Skies. Idara iliulizwa, ikajibu kwamba makufuli hayo ni kitu cha kuwapa wasafiri utulivu wa moyo, wala si sehemu ya ulinzi wa ndege. Wengi walikasirishwa na jibu hilo. Mimi naliona ni neno la ukweli kuliko yote yaliyopata kusemwa juu ya jambo hili, kwani kazi ya Idara ni kuhakikisha hamna baruti sandukuni, nayo kwa kazi hiyo kufuli ni kizuizi tu.

Upande wa pili ni wa zipu, nao ni mkubwa zaidi. Sanduku la nguo lililofungwa kwa zipu ya safu moja ya meno hufunguliwa kwa kalamu ya wino ya kawaida: ncha husukumwa kati ya meno, meno yakaachana, na mkono ukaingia; na akiisha kuchukua alichotaka, mwizi huvishika vile vishikizo viwili vilivyofungwa pamoja kwa kufuli, akavitembeza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na meno yakashikana nyuma yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Kufuli halikuguswa. Namba zake ni zile zile. Mwenye mali atafika nyumbani, atafungua kwa heshima zote, na atakosa saa ya mkononi bila ya kuwa na hata alama moja ya kumwonyesha mtu. Ndiyo maana sioni sababu ya kulipa fedha nyingi kwa kufuli kubwa la zipu ndogo. Sanduku gumu lisilo na zipu, lifungwalo kwa makomeo yaliyojengwa ndani ya fremu, halina ugonjwa huu.

Kwa hiyo mtu anaposhika kufuli la sanduku atakalolikabidhi, ajiulize anataka kazi gani. Kumzuia mwenye kukusudia kuiba halimzuii. Humzuia mwenye kutamani kwa kupita, ambaye kati ya masanduku mia atachagua lile lililo wazi, na hilo si jambo dogo. Huzuia zipu isijifungue yenyewe ikikwaruzwa. Tena hutoa ushahidi, likiwa limekatwa au halipo, kwamba sanduku liliguswa. Na kwa kazi hii ya mwisho wako wasafiri wanaotumia utepe mwembamba wa plastiki ule wa kufungia nyaya, usiofunguka ila kwa kukatwa, ambao mkaguzi hukata kwa sekunde moja bila hasara ya mtu na msafiri hujua mara moja kwamba umekatwa. Wengine hutia akiba ya tepe mbili tatu ndani ya mfuko wa nje. Nimeona kuwa ni shauri jema kwa mtu anayekwenda Marekani na sanduku la nguo lisilo na kitu cha thamani, na kitu cha thamani hakina kazi katika sanduku la tumboni, liwe na kufuli la namna yoyote.

Aliyekutwa na hasara na aijue njia yake, maana ziko njia mbili mbalimbali. Ikiwa sanduku limevunjika au kitu kimepotea likiwa mikononi mwa shirika la ndege katika safari ya kimataifa, sheria ni Mkataba wa Montreali wa mwaka 1999, na malalamiko ya uharibifu yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea sanduku. Fidia ina kikomo, ambacho tangu mwisho wa mwaka 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa kwa abiria mmoja. Ikiwa hujja ni kwamba mkaguzi wa TSA alipoteza au aliharibu kitu, madai hupelekwa kwa Idara yenyewe, na muda wake ni miaka miwili. Ugumu ni kuthibitisha ni mkono wa nani, kwa kuwa shirika litasema ni Idara na Idara itasema ni shirika, na ile karatasi ambayo wengi huitupa kwa hasira ndiyo ithibati pekee kwamba sanduku lilipita mezani. Lakini kwa thamani ya kufuli lililokatwa peke yake, nisingemshauri mtu apoteze wino.

Imebaki sura moja ambayo naiona inaifafanua kanuni nzima. Wawindaji wa Kimarekani wajao Tanzania na bunduki zao huzikabidhi kiwanjani zikiwa hazina risasi ndani, zimetangazwa mbele ya mtu wa tiketi, zimo katika kasha gumu lililofungwa, na kanuni inasema kwamba ufunguo au namba za kasha hilo ziwe kwa abiria peke yake. Yaani kwa silaha ya moto, kitu cha hatari kuliko halua yoyote ya Mombasa, sheria inamruhusu mtu kile inachomnyima mwenye kanga na madera. Tofauti ni kwamba mwindaji huyu hutakiwa asubiri karibu mpaka kasha lake lipite, na likihitaji kufunguliwa huombwa ufunguo, hufunguliwa, hurudishiwa. Na asipopatikana, mkaguzi au shirika hujaribu kumtafuta, na akikosekana kabisa, kasha halipandi ndegeni.